Slipu moja yenye majibu mawili: kisa cha shoti ya 270,000 pale Moshi

Jumatatu asubuhi nilipewa dakika ishirini na vijana wanne wapya wa kaunta, kabla milango haijafunguliwa, niongee nao kuhusu kukamata makosa kwenye slipu za kuweka na kutoa pesa. Sikuandaa maneno mengi. Nilitoa kopi nne za slipu moja ya zamani ya kuweka pesa, jina na akaunti nimevifunika, nikampa kila mmoja yake afu nikauliza swali moja tu, huyu mama alileta shilingi ngapi?

Watatu wakajibu hapo hapo, milioni moja laki nane na nusu. Ndivyo kisanduku cha tarakimu kinavyosema, 1,850,000/=, imeandikwa vizuri kabisa, hakuna mkwaruzo wala kufutwafutwa. Wa nne, binti mmoja mpole, alikaa kimya, akaigeuza karatasi akaangalia nyuma, akairudisha mbele, akasema "dada, mbona hii ina majibu mawili?"

Hicho ndo kisa chenyewe, na ni cha kwangu mimi, kwahiyo nawaandikia kama kilivyotokea.

Nilikuwa na miezi saba kaunta, tawi la benki moja hapa Moshi mjini. Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi, watu wa mishahara wanatoa, watu wa biashara wanaweka, foleni imefika mlangoni. Kwenye saa sita hivi akaja mama mmoja anayeuza mitumba pale Memorial, nilikuwa namjua kwa sura. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, akanisukumia pesa zake zimefungwa kwenye kipande cha kitenge na slipu juu yake. Slipu hakuijaza yeye, alijaziwa na kijana mmoja waliyekaa naye kwenye benchi, mama anataja kijana anaandika. Hilo nilikuja kulijua kesho yake.

Kosa langu la kwanza lilitokea kabla sijagusa hata noti moja, niliisoma slipu kwanza. Nikaona 1,850,000, nikaiweka kichwani, ndo nikaanza kuhesabu. Sasa mashine ya kuhesabia inahesabu vipande, haihesabu thamani, ikimaliza inakuandikia idadi ya noti tu. Elfu kumi zikatoka 130, yani mia moja kisha thelathini. Elfu tano zikatoka 50. Elfu mbili, zile za simba, nilihesabu kwa mkono, 15. Nikaandika 130, 50, 15 kwenye kikaratasi pembeni. Mpaka hapo niko sahihi kabisa, noti zote zipo na hesabu ya vipande ni ya kweli.

Fanya hesabu yake taratibu. 130 mara elfu kumi ni 1,300,000. 50 mara elfu tano ni 250,000, tumefika 1,550,000. 15 mara elfu mbili ni 30,000. Jumla 1,580,000. Mimi hiyo jumla niliifanya kichwani huku mteja wa nyuma ananiuliza kama dirisha hili linapokea dola, nikapata moja, tano, nane, nikainua macho kwenye slipu nikaona moja, nane, tano. Namba ni zile zile tatu, zimebadilishana viti tu, na jicho lilishajua jibu tangu mwanzo. Nikaposti 1,850,000, nikapiga muhuri, nikampa mama nakala yake. Asante mwanangu, akaondoka.

Jioni kubalansi. Sistimu inasema niwe na 18,364,000, mkononi nina 18,094,000. Shoti 270,000. Aliyewahi kukaa kaunta anajua tumbo linavyofanya ukiona hiyo namba. Nikahesabu pesa upya, mwenzangu wa dirisha la pili akanihesabia tena, ni ile ile. Tukaangalia chini ya droo, nyuma ya mashine, kwenye ndoo ya takataka, hamna hata noti moja.

Nikafanya kile ambacho kila mgeni anafundishwa, nikachukua slipu zangu zote za siku ile, zilikuwa 118, nikaziweka sambamba na orodha ya miamala kwenye sistimu, nikawa natiki moja moja. Ilinichukua karibu saa nzima. Zote 118 zikakubaliana. Hakuna hata moja iliyopishana na sistimu, na shoti bado ipo pale pale.

Hapa niliwasimamisha wale vijana wanne, maana hapa ndo penyewe. Kutiki slipu na sistimu kunakamata kosa la vidole vyako tu, yani slipu iko sawa afu wewe ukaingiza namba nyingine. Kosa likiwa lilishaingia kwenye slipu, na wewe ukaposti kwa uaminifu kile slipu inachosema, basi slipu na sistimu zitasema uongo mmoja kwa sauti moja. Unaweza ukatiki mpaka usiku wa manane, kila mstari utapata tiki yake. Slipu ya namna hiyo huikamati kwa kuilinganisha na kitu kingine, unaikamata kwa kuilinganisha yenyewe na yenyewe: tarakimu, maneno, na mchanganuo wa noti.

Aliyeniokoa ni kaka mmoja mkubwa pale tawini, alikuwa kaunta miaka mingi kabla yangu. Alikuja na kikokotoo, hakugusa pesa wala slipu, akauliza tu shoti ni ngapi. 270,000. Akagawa kwa mbili, 135,000. Akasema angalia kama kuna muamala wa 135,000. Sababu yake ni kwamba mteja akitoa 135,000 na wewe kwa bahati mbaya ukaposti kama ameweka, sistimu inakupotosha mara mbili, ile iliyotakiwa kupungua haikupungua na juu yake imeongezeka, kwahiyo tofauti inakuwa mara mbili ya muamala. Nikaangalia, 135,000 haipo.

Akagawa kwa tisa. 30,000 kamili, hakuna kinachobaki. Akasema, "mdogo wangu, hapa kuna namba zimepishana."

Hii kanuni ya tisa ni ya wahasibu wa zamani na inafanya kazi kwa sababu iliyo wazi ukiikalia. Tarakimu ikitoka kwenye nafasi ya makumi elfu ikaenda kwenye nafasi ya malaki, thamani yake inakuwa mara kumi, yani inaongezeka mara tisa ya ilivyokuwa, na mwenzake aliyeshuka anapungua kwa mtindo huo huo. Kwahiyo tofauti lazima igawanyike kwa tisa. Na jibu la kugawa linakuambia mengi: 30,000 ina 3, kwahiyo tarakimu mbili zilizobadilishana zimepishana kwa tatu, na inakuambia zipo nafasi gani, malaki na makumi elfu. Nane na tano, umeona?

Sifuri ikizidi au ikipungua nayo inagawanyika kwa tisa, na hapo jibu linakupa ile namba ndogo yenyewe. Mtu kaweka 30,000 wewe ukaposti 300,000, tofauti ni 270,000, ukigawa kwa tisa unarudi kwenye 30,000. Kwahiyo shoti yangu ingeweza kuwa hiyo pia, tulitakiwa kuangalia yote mawili.

Afu kaka akafanya jambo ambalo mpaka leo nalitumia kila wiki. Akasema pesa imepungua mkononi, sio imezidi, kwahiyo kuna njia mbili tu: kuna slipu ya kuweka imeposti zaidi ya pesa iliyoingia, au kuna slipu ya kutoa imeposti pungufu ya pesa iliyotoka. Kwa za kuweka tafuta zile ambazo tarakimu ya malaki ni kubwa kuliko ya makumi elfu kwa tatu, yani 30, 41, 52, 63, 74, 85, 96. Kwa za kutoa geuza, tafuta ambazo ya makumi elfu ndo kubwa kwa tatu, 14, 25, 36, 47, 58, 69, na 03 kama ni za milioni na elfu thelathini hivi.

Kutoka slipu 118 tukabaki na tisa mkononi. Za kuweka tano: 300,000, 410,000, 630,000, 1,520,000 na 1,850,000. Za kutoa nne, tatu zote zikiwa za laki mbili na nusu na moja ya 140,000. Tisa unaweza kuzisoma kama barua, neno kwa neno, mbele na nyuma. Hatukumaliza hata zote. Ya 300,000 ilikuwa sawa kote kote. Ya 1,850,000 tukasoma mstari wa maneno, ule ambao mimi mchana sikuutazama kabisa: "milioni moja laki tano na themanini elfu tu". Tukageuza. Nyuma, kwenye mchanganuo, kuna mwandiko mwingine, wa mama mwenyewe, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka kidogo kwenye sifuri: 10,000 × 130, 5,000 × 50, 2,000 × 15. Sehemu ya jumla kaiacha wazi.

Yani ukweli wote ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi niliyoishika mwenyewe, mara mbili, na kwenye kikaratasi changu mara ya tatu.

Kesho yake tukampigia. Akaja saa tatu na daftari lake la mistari, akafungua ukurasa, 1,580,000, imepigiwa mstari chini. Ile nakala yenye muhuri wangu ya 1,850,000 akairudisha bila neno, tukaifuta, supavaiza akarekebisha muamala, mama akajaza slipu mpya. Akaniuliza kama ningekatwa mshahara. Nikamwambia ndiyo mama, ningelipa. Akatikisa kichwa tu.

Sasa, utaratibu niliowapa wale vijana kutokana na kisa hiki ni mfupi na unaanzia kwenye mkono, sio kwenye macho. Mteja akikupa pesa na slipu, slipu ilaze kifudifudi. Mchanganuo wa mteja ukiwa nyuma kama kwenye slipu yetu ya zamani, ifunike kwa kitu. Hesabu noti ukiwa hujui unatafuta nini, andika vipande vyako kwa kila noti, zidisha, jumlisha kwa kikokotoo sio kichwani, zungushia duara jumla yako. Hapo ndo ufunue slipu. Soma maneno kwanza, tarakimu baadaye. Nasema maneno kwanza kwa sababu neno "themanini" halipishani na "laki nane" kirahisi, mtu anayeandika tarakimu anaweza kubadilisha viti bila kujua ila kwa maneno inabidi akosee neno zima. Vyote vitatu vikikubaliana na duara lako ndo uposti, na unaposti kutoka kwenye duara, sio kutoka kwenye kisanduku cha mteja. Mimi siku ile ningeposti kutoka kwenye duara, sistimu ingepokea 1,580,000 na kosa la slipu lingejitokeza hapo hapo mama akiwa bado yupo mbele yangu.

Kijana mmoja akauliza, vikipishana kipi kinashinda? Swali zuri, maana wengi wamesikia kwamba maneno ndo yanashinda. Hiyo ni kanuni ya hundi, kwenye hundi tarakimu na maneno vikipishana yanayohesabika ni maneno, ingawa benki mara nyingi itairudisha tu hundi yenyewe. Kwenye slipu ya kuweka, zinazoshinda ni noti zilizopo mezani. Slipu inarudi kwa mteja, anajaza mpya. Usimrekebishie wewe kwa kalamu yako hata kama ni tarakimu moja na foleni imefika barabarani, kiasi kilichorekebishwa kwa mwandiko wa kaunta ni ushahidi dhidi yako.

Kwenye kutoa hakuna kinachoshinda. Pale mteja anaiagiza benki itoe pesa yake, agizo likiwa na viasi viwili hujaagizwa kitu. Muulize kwa mdomo, "unatoa kiasi gani mama?", na usimtajie wewe kwanza, maana ukisema "ni laki mbili na nusu eeh?" mtu aliyechoka na foleni atakujibu eeh kwa chochote. Akishataja, ajaze upya asaini upya. Kwenye kutoa kosa ni baya zaidi kwa sababu pesa ikishatembea huna noti za kuhesabu tena, una karatasi tu.

Na kuna mtego mmoja wa lugha yetu ambao nilikaa nao muda kidogo, kwa sababu fomu zinatuambia tuandike kwa maneno lakini maneno ya Kiswahili ya hesabu tunayaongea kwa mkato. "Laki mbili na hamsini" sokoni ni 250,000, kila mtu Mbuyuni anakuelewa, ila kwenye karatasi inasomeka pia 200,050. "Elfu mia mbili na tano" ni 205,000 au 200,005? "Elfu ishirini na tano" tumezoea ni 25,000, na kwa mwandiko wa kisheria mtu anaweza kubisha. Dawa yake ni kumuomba mteja aweke neno elfu baada ya namba inayohusika, "laki mbili na hamsini elfu tu", kama yule kijana wa benchi alivyoandika "themanini elfu". Lile "tu" la mwisho nalo lina kazi, linafunga mlango, na /= baada ya tarakimu inafanya kazi hiyo hiyo. Nafasi ya mwanzo ndo watu wanaisahau, mteja anaacha pengo kabla ya 500,000 ambalo moja inaingia bila shida ikawa 1,500,000. Kwenye fomu ya kutoa ukiona pengo hilo mwambie apige mstari kabla hajakupa.

Niliwaambia pia mipaka ya ile tisa, maana nimeona watu wameigeuza dini. Tofauti ikigawanyika kwa tisa sio ushahidi, ni mahali pa kuanza kutafuta. Noti tisa za elfu kumi zikipotea ni 90,000 na inagawanyika vizuri tu wakati hakuna namba yoyote iliyopishana. Makosa mawili yakitokea siku moja, tuseme namba zimepishana na pia umempa mtu noti moja ya elfu kumi zaidi au pungufu, tofauti inakuwa 280,000 au 260,000 na tisa haikuambii kitu. Na tofauti za mviringo zina hadithi nyingine kabisa: milioni moja kamili fikiria bando zima la elfu kumi limeenda sio, elfu tano kamili fikiria noti ya elfu tano imehesabiwa ndani ya elfu kumi. Hizo tafuta kwenye pesa, usipoteze saa kwenye slipu.

Yule binti mpole aliyegeuza karatasi ndo aliuliza la mwisho, tumebakiza dakika mbili mlango ufunguliwe. Akasema, dada, na kama yule mama angegoma? Angesema alileta 1,850,000 na muhuri wako huu hapa?

Nikamwambia muhuri ungekuwa upande wake, na ungekuwa na nguvu. Upande wangu ningekuwa na mstari wa maneno, mchanganuo wa mkono wake mwenyewe, picha za kamera kama zinaonyesha noti vizuri, ambazo kwa noti zilizoinama chini ya kioo mara nyingi hazionyeshi, na kile kikaratasi changu cha 130, 50, 15 ambacho usiku ule tulikikuta kwenye ndoo ya takataka, kimekunjwa. Kama mfagizi angetangulia kisingekuwepo. Siku hizi vikaratasi vyangu navibana kwa pini kwenye slipu yenyewe, na wao wanne niliwagawia kila mmoja boksi la pini kabla hawajaenda kukaa madirishani.